Kuomba Ruhusa ya Saa Chache Kazini Siku ya Mtihani wa Udereva

Mtihani wa udereva nchini Kenya kwa kawaida hufanywa siku za kazi, asubuhi, na tarehe yake huipangi wewe. Mwajiri naye ana zamu zake. Wengi hukwama hapo katikati, kwa sababu huomba "saa mbili tu" kwa mtihani unaomeza asubuhi nzima, halafu wanarudi kazini saa tisa wakiwa wamekunjiwa uso. Kuomba ruhusa si jambo gumu, bora hesabu ya saa na mpangilio wa zamu viwe tayari kabla hujafungua mdomo.

Nitamtumia keshia wa duka la vifaa vya ujenzi huko Kongowea, Mombasa, kuwa mfano. Anakaa Likoni. Anafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na chakula cha mchana ni kuanzia saa saba hadi saa nane. Ni mtu wa kubuni, lakini wenye siku kama zake ni wengi.

1. Anzia shule ya udereva

Kabla ya kumkabili bosi, keti na mwalimu wako wa udereva. Shule ndiyo hukuwekea nafasi ya mtihani kwa NTSA, mamlaka ya taifa ya uchukuzi na usalama, na kwa kawaida hupeleka wanafunzi kwa makundi. Kwa hiyo ipo nafasi ndogo, kabla tarehe haijaingizwa, ya kusema neno. Muulize kundi linalofuata linakwenda lini, na kama haliwezekani kwako, linalolifuata ni lini. Muulize pia mnatakiwa kukusanyika saa ngapi, na kundi lililopita lilimaliza saa ngapi. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, maana mwalimu alikuwepo na anajua.

Kabla ya kusema "niweke", angalia kalenda ya kazini. Duka la vifaa vya ujenzi hujaa mwisho wa mwezi, watu wakishapokea mishahara. Kuna siku za kuhesabu bidhaa. Kuna siku lori la saruji linapoingia na kila mkono unatakiwa. Pengine kuna mwenzako ambaye tayari yuko likizoni wiki hiyo. Keshia wetu aliambiwa kundi moja ni Alhamisi tarehe 30 Aprili na jingine ni Alhamisi tarehe 14 Mei. Tarehe 30 ni mwisho wa mwezi, na isitoshe kesho yake ni Siku ya Wafanyakazi, duka litafungwa na wateja watajazana siku hiyo moja. Akachagua tarehe 14. Kwa uamuzi huo tu ameshaondoa sababu kubwa ambayo meneja angeitumia kumkatalia.

Ukichelewa na tarehe ikawa imeshaingizwa, bado muulize mwalimu kama inaweza kusogezwa, lakini usiitegemee.

2. Hesabu saa kwa ukweli

Kuendesha kwenyewe, wewe ukiwa umeshika usukani na mtahini kando yako, ni dakika chache. Kinachokula siku ni kusubiri. Mnafika mapema, majina yanaitwa, leseni ya muda na kitambulisho vinakaguliwa. Kisha kila mmoja anaulizwa maswali kwenye modo taun, ule ubao wa mji mdogo ambao unausogeza mkono ukionyesha gari linavyopita mzunguko wa barabara, na anaulizwa alama za barabarani. Baada ya hapo ndipo mnakwenda barabarani, na mara nyingi kwa gari la shule yenu, mmoja akiendesha na wengine wakingoja zamu.

Tuseme shule yenu imeleta watu ishirini na gari moja. Kila mmoja akichukua dakika kumi, tangu kuingia kwenye kiti hadi kutoka, na wewe ukawa wa kumi na tisa, utakuwa umesubiri saa tatu nzima kabla ya kugusa usukani. Hapo hatujahesabu modo taun, wala mtahini aliyechelewa, wala shule nyingine zilizokuja siku hiyo hiyo. Huwezi kujua utakuwa wa ngapi. Hesabu kana kwamba utakuwa wa mwisho.

Ongeza njia. Keshia wetu anatoka Likoni, kwa hiyo kuna feri ya kuvuka asubuhi, na anayeijua feri ya Likoni saa za kwenda kazini hahitaji kuelezwa. Mwalimu amesema wafike saa moja, na kundi lililopita lilimaliza kama saa sita. Kutoka kituo cha mtihani hadi Kongowea, kwa matatu na foleni zake, ni karibu saa moja. Saa sita na saa moja ni saa saba. Akiongeza saa nyingine moja ya tahadhari, anafika saa nane mchana. Basi ruhusa anayoihitaji ni kutoka saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, wala si "asubuhi kidogo".

Ukiomba hadi saa nane ukarudi saa sita na nusu, umempa meneja zawadi. Ukiomba hadi saa nne ukarudi saa sita na nusu, umemvuruga, ingawa umekosa kazi kwa muda ule ule.

3. Jua unachoomba kisheria ni nini

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haina likizo ya mtihani wa udereva. Ina likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi kwa mama na kwa baba, lakini haina hii. Kwa hiyo usiende kudai haki. Unaomba ridhaa, na ni vizuri sauti yako iwe ya mtu anayelijua hilo.

Ila una akiba yako. Kifungu cha 28 kinampa mfanyakazi siku 21 za kazi zenye malipo kamili kwa kila miezi 12 mfululizo ya utumishi, na kinaruhusu likizo hiyo ikatwe vipande kwa makubaliano, mradi kipande kimoja kisipungue wiki mbili za kazi bila kukatizwa. Vipande vinavyobaki ndivyo vya shughuli kama hizi. Kama hujatimiza mwaka, usidhani siku zote 21 tayari ni zako. Omba kwa unyenyekevu zaidi na uwe tayari kufidia saa.

Angalia pia mkataba wako na kijitabu cha kanuni za kazi. Baadhi ya kampuni, hasa zenye makubaliano na chama cha wafanyakazi, hutoa siku za mtihani. Mara nyingi huwa ni za masomo ambayo mwajiri ameyaidhinisha, kama mitihani ya uhasibu ya KASNEB, na leseni ya udereva haimo. Hali hubadilika ikiwa kazi yenyewe inaitaka leseni hiyo. Kama meneja alikuambia "pata leseni tukupe gari la kupeleka mizigo", mtihani huo ni sehemu ya kazi, na una haki ya kuuliza kwa heshima kama saa hizo zinaweza kuhesabiwa kuwa za kazini.

Kuhusu kukatwa mshahara: kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata ujira usiozidi wa siku moja kwa kila siku ambayo mfanyakazi hakuwepo siku nzima bila ruhusa wala sababu ya kisheria. Wewe utakuwa na ruhusa, na hutakosa siku nzima. Hata hivyo mnaweza kukubaliana kwamba saa hizo hazilipwi, na hilo liandikwe.

Jambo moja nalisema bila kuzunguka: usijifanye mgonjwa. Likizo ya ugonjwa chini ya kifungu cha 30 inahitaji cheti cha daktari, na kuugua kwa uongo hukuongoza kwenye cheti cha uongo. Na Mombasa ni ndogo. Magari ya shule za udereva yameandikwa kila upande, na mteja wenu wa misumari atakuona umekaa nyuma, katikati ya mji, saa tatu asubuhi.

4. Chagua saa zitoke wapi

Kuna njia tatu za kawaida: kubadilishana zamu na mwenzako, kukatwa nusu siku ya likizo ya mwaka, au kufidia saa siku nyingine. Kwa wanaofanya kazi za zamu, kama walinzi na wahudumu wa hoteli, kubadilishana ndiyo njia nyepesi. Ukichukua zamu ya jioni siku ya mtihani, pengine huhitaji ruhusa yoyote, ni meneja kubariki badiliko tu. Lakini usikubali zamu ya usiku wa kuamkia mtihani. Mtu aliyekesha getini halafu akapewa usukani mbele ya mtahini anajitafutia balaa.

Keshia wetu hana zamu, kwa hiyo anapiga hesabu. Tangu saa mbili hadi saa saba ni saa tano za kazi. Saa saba hadi nane ni chakula, haihesabiwi. Siku yake ina saa nane za kazi, kwa hiyo nusu siku ni saa nne. Anakosa saa tano. Ataomba nusu siku ya likizo ifunike saa nne, na saa moja iliyobaki ataifidia Ijumaa kwa kukaa hadi saa kumi na mbili jioni. Wiki yake ya kawaida ni saa 48, na kiwango cha jumla cha saa za kazi nchini ni 52 kwa wiki ya siku sita, kwa hiyo saa hiyo moja haimtii meneja hofu ya kudaiwa malipo ya ziada.

Utasema huku ni kuhesabu kupita kiasi kwa saa moja. Labda. Lakini meneja anayeletewa hesabu iliyokamilika hubaki na kazi ya kusema ndiyo, na anayeletewa shida tupu huanza kutafuta sababu za kukataa.

5. Tafuta wa kushika nafasi yako

Zungumza na mwenzako kabla ya kuomba. Usimwambie tu "nishikie". Mweleze saa kamili, na umuulize atahitaji nini kwako baadaye. Kwa keshia hili lina uzito wake, kwa sababu kuna pesa. Jumatano jioni ahesabu droo, aandike salio, akabidhi mbele ya msimamizi, na wote watatu watie sahihi. Simu ya malipo ya M-Pesa ikabidhiwe pia, salio lake likiwa limeandikwa. Akirudi Alhamisi saa nane, hesabu ifanywe tena kabla hajaketi. Pesa zikipungua asubuhi ambayo yeye hakuwepo, karatasi hiyo ndiyo itakayomtetea.

Kwa kazi nyingine makabidhiano ni tofauti: funguo za stoo, orodha ya wateja watakaopiga simu, mgonjwa anayehitaji dawa saa nne. Andika kwa ufupi, umwachie anayekushikia.

6. Omba kwa mdomo, kisha kwa maandishi

Mwendee msimamizi wako wa karibu kwanza. Kumruka ukaenda kwa mwenye duka kwa sababu mwasikilizana ni kujitengenezea adui wa kila siku. Nenda mara tu tarehe inapothibitishwa. Wiki mbili kabla ni muda wa kutosha, wiki moja inabana. Chagua wakati ambao duka limetulia, si saa nne watu wakiwa wamejipanga kaunta.

Mazungumzo hayahitaji marefu:

"Bosi, shikamoo. Nina jambo la ruhusa. Nimewekewa mtihani wa udereva Alhamisi tarehe 14. Nitahitaji asubuhi hadi saa nane mchana."

"Alhamisi? Na kaunta je?"

"Nimezungumza na Fatuma, amekubali kukaa kaunta. Mizigo haiingii Alhamisi. Saa nne zikatwe kwenye likizo yangu, moja nitaifidia Ijumaa jioni."

"Wataka kutuacha uende ukaendeshe teksi?"

Swali hilo huulizwa mara nyingi, kwa utani au bila utani. Jibu kwa ukweli wako, kwa sentensi moja: "La, ni leseni tu, nimejifunza miezi yote hii nataka kumaliza." Usianze kueleza ndoto zako za miaka mitano.

Akikubali, siku hiyo hiyo andika. Ruhusa ya mdomo husahaulika, na meneja akihamishwa au akiugua, anayeshika nafasi yake hana habari nawe. Kama kazini mnatumia fomu ya likizo, jaza fomu. Kama hakuna, barua fupi au ujumbe wa WhatsApp unatosha, mradi ajibu na jibu ulihifadhi. Mfano wa keshia wetu:

*Kwa Meneja,*

*KUH: OMBI LA RUHUSA YA NUSU SIKU, ALHAMISI TAREHE 14 MEI 2026*

*Kama tulivyozungumza leo, naomba ruhusa ya kutokuwepo kazini Alhamisi tarehe 14 Mei 2026 kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana ili nifanye mtihani wa udereva wa NTSA. Tarehe imeshapangwa na si rahisi kuibadilisha.*

*Naomba saa nne zikatwe katika likizo yangu ya mwaka, na saa moja nitaifidia Ijumaa tarehe 15 Mei kwa kufanya kazi hadi saa 12:00 jioni. Fatuma amekubali kukaa kaunta. Nitamkabidhi droo na simu ya malipo Jumatano jioni mbele ya msimamizi.*

*Nimeambatisha uthibitisho wa nafasi ya mtihani. Mtihani ukiahirishwa, nitakujulisha mara moja na nitakuwa kazini kama kawaida.*

*Asante.*

Uthibitisho ni ile picha ya skrini au karatasi inayoonyesha jina lako na tarehe. Funika namba ya kitambulisho kabla ya kuituma. Meneja anahitaji tarehe, si namba zako. Sentensi ya mwisho kuhusu kuahirishwa usiiache. Inamwonyesha kwamba hutafuti siku ya kulala.

7. Akikataa

Uliza anachokataa ni nini: tarehe, urefu wa saa, au mtu wa kushika nafasi. Mara nyingi ni kimoja tu kati ya hivyo, na kinatibika. Akisema saa ni nyingi, mwambie utarudi mara tu utakapomaliza, na saa nane ni ukomo. Akisema Fatuma hajui kaunta vizuri, jitolee kumfundisha siku mbili. Ikiwa ni tarehe, rudi shuleni haraka uombe kundi jingine, maana kukosa kufika kwaweza kukulazimu kuomba nafasi upya na kulipa tena.

Usiende kwa nguvu baada ya kukataliwa. Kifungu cha 44 kinataja kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu ya kisheria miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Ni kweli kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri akueleze kosa na akusikilize kwanza, ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama kando yako. Lakini utajitetea vipi wakati ulikatazwa, ukajua, ukaenda?

8. Siku yenyewe, na ikiharibika

Jumatano jioni mpigie mwalimu uhakikishe mtihani upo. Huahirishwa, na wakati mwingine habari hufika usiku. Ukiambiwa umeahirishwa, mwandikie meneja usiku huo huo na uende kazini asubuhi. Ruhusa uliyopewa ilikuwa ya tarehe 14. Tarehe mpya ikija, omba upya, hata kama sababu ni ile ile.

Siku ya mtihani, ukiona foleni haisogei na saa tano imefika hujaitwa, tuma ujumbe wakati huo, usingoje saa nane ipite: "Bosi, bado sijaitwa, kuna watu saba mbele yangu. Huenda nikafika saa nane na nusu." Utume kabla hujaingia kwenye gari, kwani mbele ya mtahini hutagusa simu.

Ukianguka, utahitaji kuomba nafasi tena na kuilipia, na hiyo ni ruhusa nyingine. Usiiombe siku hiyo hiyo ukiwa bado na uchungu. Fidia kwanza saa ya Ijumaa, subiri tarehe mpya ithibitishwe, halafu rudi na hesabu mpya. Wakati huu pendekeza kubadilishana siku nzima na mwenzako badala ya kugusa likizo tena, kama kazi yako inaruhusu.

Mitihani ya vyeti vya ufundi ya NITA na ile ya KASNEB hufuata hatua hizi hizi, isipokuwa mtihani wa KASNEB una ratiba ya nchi nzima iliyotangazwa mapema. Huna kundi la kuchagua, kwa hiyo peleka ombi ratiba inapotoka tu, na uorodheshe karatasi zote kwa pamoja badala ya kuomba moja moja.

9. Kagua kilichoandikwa

Mwisho wa mwezi angalia rekodi yako ya likizo. Mwajiri anatakiwa na sheria kutunza kumbukumbu za likizo ya kila mfanyakazi, na kosa la kawaida ni nusu siku kuandikwa siku nzima, kwa sababu fomu nyingi hazina nafasi ya nusu. Keshia wetu akiona imekatwa siku moja, aende na nakala ya barua yake pamoja na jibu la meneja, aombe irekebishwe kabla hesabu ya mwezi haijafungwa.